Swali lilikuwa na utata au ulilisoma vibaya? Pima kabla hujahoji alama

Karatasi ya mtihani ikirudi na swali limekatwa ilhali una hakika mada ile unaijua, lalamiko la kwanza karibu siku zote ni hili: "Swali halikueleweka." Kwa anayesahihisha, lalamiko hilo halina uzito wowote, maana hulitoa aliyeonewa kweli na hulitoa pia aliyeruka neno moja, na wote wawili huwa na uchungu ule ule. Kinachowatenganisha kinaonekana kwenye karatasi, na unaweza kukitafuta mwenyewe kabla hujamsumbua mtu.

Wengi huanza kwa kulikagua swali, wakitafuta namna nyingine ya kulielewa. Ukilikagua swali lolote kwa muda mrefu utalipata tundu, hata swali lililotungwa vizuri. Anza na jibu lako. Jibu ambalo hukubahatisha linajibu swali fulani: liandike swali hilo kwa ukamilifu, yaani swali ambalo jibu lako lingepata alama zote. Kisha liweke kando ya swali lililochapwa na utafute neno, namba au maelekezo yanayolikataza. Ukilipata neno hilo, ulisoma vibaya. Usipolipata popote kwenye karatasi, swali limeacha mlango wazi, na hapo una hoja.

Kabla ya kufanya hivyo, uwe na karatasi ya maswali yenyewe mbele yako. Usitegemee kumbukumbu. Mtu aliyetoka kwenye chumba cha mtihani hukumbuka swali alilolijibu, si lile aliloulizwa, na ndiyo maana mjadala wa nje ya mlango huwa na matoleo matatu ya swali moja. Uliza pia kama msimamizi alitangaza marekebisho yoyote au aliyaandika ubaoni. Marekebisho yakishatangazwa ni sehemu ya swali, hata kama wewe uliyaandika pembeni kisha ukayasahau.

Mfano mmoja, majibu manne

Swali lenyewe hili hapa, la alama 4:

"Tanki lina lita 240 za maji. Bomba la kwanza linatoa maji kwenye tanki kwa kasi ya lita 6 kwa dakika. Baada ya dakika 15, bomba la pili linafunguliwa, nalo linatoa lita 4 kwa dakika. Tanki litakuwa tupu baada ya dakika ngapi?"

Mwongozo wa usahihishaji unasema 30. Katika dakika 15 za mwanzo bomba la kwanza linatoa lita 90, zinabaki 150. Mabomba mawili kwa pamoja yanatoa lita 10 kwa dakika, kwa hiyo lita 150 zinaisha kwa dakika 15. Jumla ni dakika 30. Sasa tuwatazame watahiniwa watatu waliokosa.

Wa kwanza aliandika 24. Swali alilolijibu ni hili: "Mabomba mawili yakifunguliwa kwa wakati mmoja, tanki litakuwa tupu baada ya dakika ngapi?" Aligawa 240 kwa 10. Neno linalomkataza liko wazi: "Baada ya dakika 15." Huyu alisoma vibaya na hakuna cha kujadili. Angalia lakini jinsi 24 ilivyo namba nzuri, haina desimali wala baki. Wanafunzi wengi hudhani jibu likitoka bila baki basi walielewa sawasawa. Mtungaji anaweza kabisa kuwa amechagua namba zinazotoka vizuri hata kwenye njia isiyo sahihi, hivyo uzuri wa namba haukuambii lolote.

Wa pili aliandika 90. Kwake bomba la pili linaingiza maji, kwa hiyo tanki linapungua lita 2 tu kwa dakika. Lita 150 zinachukua dakika 75, na ukijumlisha 15 za mwanzo unapata 90. Hesabu yake haina kosa, na hoja yake haidharauliki: bomba tunalolijua ndilo linalotupa maji, na sentensi ya tatu haisemi bomba la pili linayatoa wapi na kuyapeleka wapi. Mimi ningemsikiliza hadi mwisho, kisha ningemrudisha kwenye sentensi iliyotangulia. Kule "linatoa maji kwenye tanki" haina budi kumaanisha kuyaondoa, maana kama bomba hilo nalo lingekuwa linaingiza, tanki lisingekuwa tupu kamwe. Kitenzi ni kile kile, na "nalo" inaliunganisha bomba la pili na kazi ya la kwanza. Kwa hiyo kikatazo kipo, ila kimejificha. Ningeliita swali hili zembe katika sehemu hiyo, kwa sababu maneno mawili, "kwenye tanki," yangemaliza shaka yote. Lakini uzembe wa mtungaji peke yake haukupi alama ukiwa muktadha unatosha kukuonyesha njia.

Wa tatu aliandika 15, na huyu ndiye mwenye kesi. Swali alilolijibu ni: "Tanki litakuwa tupu dakika ngapi baada ya bomba la pili kufunguliwa?" Tafuta neno linalomkataza. Swali limesema "baada ya dakika ngapi" bila kutaja kuhesabu kuanzie wapi. Tukio la mwisho lililotajwa ni kufunguliwa kwa bomba la pili, na sentensi ya swali inafuata papo hapo. Anayehesabu tangu mwanzo ana sababu, na anayehesabu tangu bomba la pili ana sababu. Ningelisoma swali mara nyingi nisione cha kumzuia yeyote kati yao.

Hata hivyo kabla hajasherehekea kuna jambo la kuangalia kwenye karatasi yake mwenyewe. Namba 15 imo ndani ya swali. Kama aliandika "15" peke yake bila njia, msahihishaji hana namna ya kumtofautisha na aliyeokota namba hiyo kwenye sentensi ya tatu. Kama ameonyesha 90, akaonyesha 150, akagawa kwa 10, kila mtu anaona kwamba anajua tanki linakuwa tupu lini. Na kama aliandika "dakika 15 baada ya bomba la pili kufunguliwa," basi amesema jambo lile lile ambalo mwongozo unalisema kwa kuandika 30.

Mfano huu unaonyesha pia kosa ambalo hata wanafunzi hodari hulifanya. Aliyepata 24 akisikia kwamba swali limekubaliwa kuwa na utata, hukimbilia ofisini naye. Utata huo haumhusu. Swali likiwa na maana mbili halali, alama hupewa aliyejibu mojawapo ya hizo mbili. Jibu la 24 haliko kwenye maana yoyote kati yake.

Dalili: kikatazo kipo, lakini mbali na swali

Hapa ndipo hoja nyingi hufia. Mtahiniwa amesoma sentensi ya swali vizuri sana, ila kikatazo kiko juu ya ukurasa, au kwenye maelekezo ya sehemu nzima. Tuseme juu ya maswali ya mabomba palikuwa na mstari unaosema: "Katika sehemu hii muda wote upimwe tangu bomba la kwanza lilipofunguliwa." Kesi ya mtahiniwa wa tatu inakufa palepale. Soma basi karatasi nzima kabla hujasema kikatazo hakipo: maelekezo ya ukurasa wa kwanza, kichwa cha sehemu, maneno yaliyo chini ya mchoro au jedwali, na vipengele vinavyofuata. Mara nyingi kipengele (b) hufichua mtungaji alikusudia nini katika (a).

Mfano wa kila siku ni maswali ya kuchagua. Mwanafunzi anakuja na hoja kwamba B na D zote ni kweli, na kweli zote ni kweli. Tatizo ni kwamba maelekezo yamesema "chagua jibu lililo bora zaidi." Chini ya maelekezo hayo hoja ya kwamba jibu lako ni kweli haitoshi, unatakiwa uonyeshe kuwa B haizidiwi na D kwa chochote ambacho swali limekitaja. Lakini kama maelekezo yalisema tu "chagua jibu sahihi," majibu mawili ya kweli ni kasoro ya swali, na huhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Karatasi iliyochapwa kwa lugha mbili inastahili kuangaliwa kwa namna yake. Linganisha matoleo yote mawili neno kwa neno. Toleo moja likisema "angalau 5" na lingine "zaidi ya 5," hutahitaji ushahidi mwingine.

Dalili: uliruka neno la kukanusha

"Yote yafuatayo ni kweli isipokuwa…" Umechagua ya kweli, tena ya kwanza uliyoiona. Hili ni kosa la usomaji, hata kama neno "isipokuwa" halikukolezwa wala kupigiwa mstari. Watungaji makini hulikoleza kwa sababu wanajua macho huliruka, na unaweza kuwaambia hivyo kwa ajili ya mtihani ujao. Alama ya mtihani huu hairudi.

Kukanusha mara mbili au zaidi ni habari nyingine. "Ni lipi kati ya haya lisiloweza kutokea pasipo kutokuwepo kwa oksijeni?" Swali kama hilo lina maana moja tu ukilichambua kwa utulivu, kwa hiyo kwa kipimo chetu halina utata. Linapima uvumilivu kuliko sayansi, na unaweza kulilalamikia kwa msingi huo, ila usitarajie alama. Tarajia lifutwe katika toleo lijalo.

Dalili: ulijibu kitu sahihi, ukapewa nusu ya alama

Hapa tatizo mara nyingi liko kwenye kitenzi cha amri. "Taja" inataka jina la kitu. "Eleza" inataka jina na namna au sababu. "Linganisha" inataka vitu viwili viwekwe kwenye kipimo kimoja, na aliyeandika aya moja kuhusu cha kwanza na aya nyingine kuhusu cha pili bila kuvikutanisha hajalinganisha. Alama zilizoandikwa pembeni hutoa ushahidi: "Eleza sababu mbili (alama 4)" ina maana kila sababu ina alama 2, na sababu iliyotajwa tu haiwezi kuzibeba zote. Ukikuta umepata 2 kati ya 4 kwa kutaja mbili, umesomwa sawasawa.

Geuza hali hiyo upate kesi nzuri kuliko zote. Swali limesema "Taja sababu mbili (alama 2)," wewe umetaja mbili sahihi, na msahihishaji amekupa 1 akiandika "hujaeleza." Maneno ya swali ni safi na wewe umeyasoma vizuri. Mwongozo, au aliyeutumia, ndio uliotaka kitu ambacho swali halikukiomba. Malalamiko ya namna hii hushinda kirahisi kwa sababu hayahitaji mtu yeyote akubali kwamba swali lilikuwa bovu.

Dalili: darasa zima limekosa

Wingi wa waliokosa hauthibitishi kitu. Huenda mada haikufundishwa vizuri, huenda swali ni gumu kihalali, huenda kuna dhana potofu inayowanasa wengi, kama ile ya kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Uliza nani walikosa na walikosa vipi. Wanaochambua mitihani huwapanga watahiniwa kwa jumla ya alama zao, kisha hulinganisha kundi la juu na kundi la chini, mara nyingi asilimia 27 ya kila upande. Swali zuri hupatwa zaidi na kundi la juu. Likipatwa zaidi na kundi la chini, mtu anatakiwa alifungue tena, na jambo la kwanza kukagua ni kama mwongozo wenyewe una jibu sahihi.

Wewe huna takwimu hizo, lakini unaweza kuuliza kwa wenzako. Waliofanya vizuri kwenye mtihani mzima wakiwa wote wameandika jibu moja lisilo la mwongozo, tuseme wote 15, kuna usomaji wa pili unaowavuta wasomaji wazuri. Wakiwa wametawanyika, huyu 24, huyu 40, yule 90, hakuna usomaji wa pili, kuna ugumu tu.

Uwezekano wa mwongozo kukosea ni mdogo ila upo. Katika mtihani wa SAT wa Marekani wa Mei 1982 kulikuwa na swali la duara dogo, lenye nusukipenyo cha theluthi moja ya duara kubwa, linaloviringika kulizunguka duara hilo kubwa. Swali liliuliza litakuwa limejizungusha mara ngapi litakaporudi mahali lilipoanzia. Mwongozo ulisema 3. Jibu sahihi ni 4, kwa sababu safari yenyewe ya kulizunguka duara inaongeza mzunguko mmoja, na 4 haikuwemo kati ya majibu matano ya kuchagua. Watahiniwa watatu waliandika barua wakionyesha hisabati yake, na karatasi za watu wapatao laki tatu zikahesabiwa upya bila swali hilo. Kwa hali kama hii usipoteze muda kubishana kuhusu maneno ya swali. Onyesha hesabu.

Kipimo cha msomaji mgeni

Ukishaamini kwamba kikatazo hakipo, mpe swali mtu anayeijua mada lakini hajaona mtihani huo wala jibu lako. Usimwulize, "Huoni kwamba hili linaweza kumaanisha tangu bomba la pili?" Atakubali, kwa sababu umeshamwonyesha njia. Mwambie: "Soma, kisha niambie kwa maneno yako unachoulizwa." Nyamaza umsikilize. Fanya hivyo kwa watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake. Wakigawanyika bila kusukumwa, au mmoja akasimama na kuuliza "tangu lini?", utata ni wa kweli. Wote wakilisoma kama mwongozo bila kusita, usomaji wako unawezekana ila ni wa mbali, na kesi yako ni dhaifu hata kama kisarufi haujakatazwa.

Ukiamua kuhoji, mlango ni upi?

Watu hukosea hapa hata wakiwa na haki. Kuomba karatasi isahihishwe upya ni kuomba mtu mwingine atumie mwongozo ule ule. Kama mwongozo unasema 30 tu, msahihishaji wa pili ataikata 15 yako kama wa kwanza, na ni haki yake. Katika baadhi ya taratibu alama zinaweza hata kushuka, maana karatasi nzima inasomwa upya, kwa hiyo uliza kwanza kuhusu hilo, kuhusu muda wa mwisho na kuhusu malipo kama yapo. Usahihishaji wa upya unafaa kwa yule wa "Taja" aliyepewa 1, au kwa alama zilizojumlishwa vibaya. Swali lenye utata linapelekwa kwa mtungaji au kwa mkuu wa somo, yaani mwenye mamlaka ya kuubadilisha mwongozo.

Barua iwe fupi. Inatosha hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Naomba uangalie swali la 4. Swali limeuliza 'baada ya dakika ngapi' bila kutaja muda unaanza kuhesabiwa lini. Mwongozo umehesabu tangu bomba la kwanza (30), nami nimehesabu tangu bomba la pili (15), kama njia yangu inavyoonyesha. Nimeangalia maelekezo ya sehemu nzima na sikuona yanayochagua kati ya hizo mbili. Naomba jibu hilo lifikiriwe pia."

Usiongeze kwamba ulisoma sana, wala kwamba fulani naye amekosa. Omba jambo moja mahususi, nalo ni kukubaliwa kwa jibu la pili, kwa sababu njia za kurekebisha hazilingani. Chukua mtihani wa alama 50 ambao umepata 36, sawa na asilimia 72. Jibu lako likikubaliwa unapata 40, asilimia 80. Swali likifutwa kwa wote unabaki na 36 kati ya 46, takriban asilimia 78, na mwenzako aliyekuwa na 40 kwa kulipata swali hilo anashuka kutoka 80 hadi 78 hiyo hiyo. Ndiyo maana watungaji wengi husita kufuta swali ambalo kuna waliolijibu sawasawa, na ombi la kufuta hukutana na upinzani ambao ombi la kukubali majibu mawili halikutani nao.